Mwaka Tuliofuta Ushuru na Ngobyi

Habari za kifo cha Deo zilinikuta jikoni kwangu Biharamulo, nikitoa mawe kwenye maharage. Aliyepiga simu alikuwa jirani yake, akanipa pole kana kwamba mimi ndiye mfiwa, kisha akaniomba nimfikishie Dada Editha ujumbe kwa sababu yeye hakuwa na ujasiri wa kumpigia. Nikajifunga kanga, nikaenda sokoni kwenye kibanda cha Editha cha kushonea. Nilimkuta anaunga sketi ya shule. Nilipomwambia, mguu wake haukusimama kwenye cherehani hadi mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi, akauliza wanazika lini. Nikamwambia kesho. "Basi tupande gari la alfajiri," akasema. Editha na Deo hawakuwahi kuachana kanisani. Waliachana kwa miguu tu, yeye akashuka Biharamulo na mwanamume akabaki kule milimani Ngara, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akimtaja kwa ubaya wala kwa wema. Ndani ya basi, tulipokuwa tumeshapita mapori na vilima vimeanza kusogea karibu na barabara, akaniuliza bila kunitazama: "Fausta, unamkumbuka yule kuku?" Nilimkumbuka. Nilimpika mimi.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo ambayo, kwa kweli, hayakuwa ya kusubiriwa. Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Skolastika, mama yake Editha, kijijini Nyarurembo, na kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe katika hoteli yake. Tuliiita hoteli, ingawa ilikuwa na vyumba viwili vya tope na bati. Cha mbele kilikuwa na mabenchi, meza mbili na picha ya Moyo Mtakatifu iliyokwishaingia moshi. Cha nyuma kilikuwa na magunia ya mkaa, debe la maharage, kitanda changu, na mara nyingi serikali nzima ya kijiji. Ofisi ya kijiji ilikuwa inavuja, kwa hiyo Mwenyekiti Gervas na wajumbe wake walikuwa wanakuja kukaa juu ya magunia yetu, wanaagiza chai ya tangawizi na mihogo, na mimi nasuguasugua sufuria upande wa pili wa ukuta ambao haukufika juu kwenye bati. Nimesoma uraia darasani miaka minne, lakini kilichobaki kichwani ni kile nilichokisikia nikiwa na masizi mikononi.

Huyo kuku alikuwa wa Deo. Deo alikuwa mume wa Editha, mbeba ndizi kwa baiskeli, mtu wa maneno mengi na meno mazuri. Siku moja alipokuwa Kabanga kuuza mikungu, shina letu, yaani nyumba zilizo chini ya balozi mmoja, liliitwa kumbeba bibi mmoja mgonjwa. Kule kwetu gari halifiki kila mahali, na pikipiki haimchukui mtu asiyeweza kukaa. Mgonjwa hulazwa kwenye ngobyi, machela ya matete iliyofungwa kwenye miti miwili mirefu, wanaume wanne wanaiweka begani na wengine kumi au zaidi wanafuata nyuma ili kupokezana, maana mlima wetu haumsamehe mtu. Kila shina lilikuwa na ngobyi yake na zamu yake. Wiki hii nyumba hizi, wiki ijayo nyumba zile, na balozi akipuliza filimbi, mwenye zamu huacha jembe palepale. Asiyekuja hutozwa faini. Zamu ilikuwa ya Deo, hakuwepo, akatozwa kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wa kutaga. Waliobeba walimleta kwetu nimpike, wakakaa kumla, na Deo akaja akakaa mlangoni akiwatazama. Mwishoni akasema, "Haya, nipeni basi hata mchuzi wa marehemu." Watu walicheka hadi Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Deo naye alicheka, lakini mimi nilikuwa karibu naye na niliona hakuwa anacheka kwa macho.

Mwaka ule kijiji kilipata fedha kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na msitu wa mikaratusi uliopandwa na wazee juu ya bonde la kijito Nyamabuye, na wakaja watu wanaotafuta nguzo za umeme, wakaununua wote, mti kwa mti. Gervas alikuwa amechaguliwa karibuni, na wakati wa kampeni alikuwa ameahidi kupunguza michango. Sasa akaona mlango. Nilimsikia akisema kwenye magunia: "Mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu watu wapumue. Fedha za miti zilipe kila kitu." Mtendaji wa kijiji, kijana mwembamba wa kutoka Muleba aliyekuwa ameajiriwa na serikali na hakuwa na kura ya kuogopa, akamjibu kwamba kodi nyingine si zetu kuzifuta. Ushuru wa gulio ni wa halmashauri ya wilaya, akasema, sisi ni wakala tu. Tunakusanya, tunapeleka kiasi tulichokubaliana kila mwezi, kinachozidi ndicho chetu. Ushuru wa mazao unalipwa kwenye kizuizi cha barabarani na mnunuzi anayepakia lori. Na kodi ya sabuni na sukari imo ndani ya bei, imeshalipwa kabla sabuni haijapanda mlima. Gervas akanywa chai, kisha akasema: "Hicho kiasi cha kila mwezi tutakipeleka kutoka kwenye fedha za miti. Wilaya itapata chake. Mwananchi hataguswa." Hesabu ilikubali.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanja wa shule, na sijaona tena watu wengi namna ile bila msiba. Gervas akataja kimoja baada ya kingine na watu wakapiga vigelegele: ushuru wa gulio, ada ya kibali cha kukamua urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, mchango wa ulinzi, mchango wa bomba la maji, mahindi na maharage ya chakula cha wanafunzi. Mtu mmoja akauliza kuhusu msaragambo, siku ya kazi za pamoja ya kutengeneza njia na madaraja, akisema mwili nao unatozwa. Gervas akacheka, akasema sawa, na wenyewe ufutwe, tutaajiri vibarua. Hapo ndipo Deo aliposimama juu ya tofali, akiwa na kofia yake nyuma ya kichwa, akapaza sauti: "Na ngobyi! Na yenyewe ni kodi! Muulizeni kuku wangu!" Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Wazee walicheka, mtendaji alicheka, hata balozi wetu, Mzee Barnaba, aliyekuwa anaitunza ngobyi chini ya paa lake, alicheka akitikisa kichwa. Gervas akiwa bado anacheka akasema, "Wanaokubali?" Mikono ikainuka kama migomba. Editha alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono mmoja kiunoni, na alikuwa na mimba changa ambayo sisi wa nyumbani tu ndio tuliokuwa tunaijua. Naye aliinua mkono. Nami niliinua.

Lazima niieleze mimba hiyo, kwa sababu mwaka wote kwetu ulikuwa mwaka wa mimba hiyo kuliko mwaka wa ushuru. Editha alikuwa amezaa mara moja, kwa kisu, na mtoto hakuvuka wiki. Muuguzi wa kituo cha afya, ng'ambo ya bonde la Nyamabuye, alikuwa amemwambia wazi: ukishika nyingine, usiusubiri uchungu nyumbani, mshono wa zamani unaweza kufumuka. Njoo mapema ukae katika chumba cha wanaosubiri, na chakula chako na mtu wa kukupikia. Editha aliyarudia maneno hayo kila mara, kama anayesali. Alikuwa ameshaweka pembeni sufuria ndogo na kanga mbili za kwenda nazo. Deo alikuwa anamlisha kila alichotoka nacho Kabanga, maparachichi, mikate, na alikuwa anamwekea sikio tumboni mbele za watu bila haya.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha, nisiseme uongo. Gulio la Alhamisi liliposikika kwamba halitozwi kitu, wachuuzi wakamiminika. Warundi walivuka na vitenge na unga wa muhogo, watu wa huku Biharamulo wakapanda na dagaa, wauza mitumba wakatandaza hadi kwenye mifereji. Shangazi alikuwa hana tena risiti ya kukatiwa kila gulio, na jioni tulikuwa tunakula wali katikati ya wiki. Watu walitembea kifua mbele. Mzee mmoja alikuwa anakuja hotelini, anaagiza chai, anasema, "Nipe chai ya mtu huru." Lakini Shangazi, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, alikuwa wa kwanza kuona kwamba nyanya haijashuka bei. Alimuuliza muuzaji. "Hulipi ushuru, mbona bei ni ileile?" Yule mama akamjibu kwa adabu kabisa: "Mama, na wewe hulipi, mbona chai ni ileile?" Kwenye ndizi mambo hayakuwa tofauti. Wanunuzi wa malori walikuwa bado wanalipa ushuru wao kizuizini, na walikuwa wanaukata kwa mkulima kabla hata hawajaupakia mkungu, kama walivyofanya siku zote. Mkulima wa Nyarurembo alikuwa anatozwa bila kuiona risiti. Deo aliligundua hilo na akalichekesha, akasema serikali imekuwa kama panya, inakula ikiwa darini.

Kisha Zakaria akaja. Zakaria ndiye aliyekuwa na ardhi yote inayolitazama gulio, na hoteli yetu ilisimama katika kiwanja chake. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akamsalimia Shangazi, akaagiza chai na akailipia, kisha akasema kwamba mahali hapa sasa pamekuwa pazuri, kuna watu wanatoka hadi Kabanga wanamwomba nafasi, na wako tayari kumpa zaidi. Kwa hiyo naye inabidi apandishe kodi ya pango. Alichokiongeza kilikuwa karibu sawasawa na kile ambacho Shangazi alikuwa analipa ushuru zamani, na gulio lilipozidi kukua akaongeza tena. Shangazi alikaa kwenye debe la maharage kwa muda mrefu baada ya Zakaria kuondoka. "Ushuru ule nilikuwa naupigia kelele mkutanoni," akasema. "Huu nitaupigia kelele wapi?" Nimeishi na swali hilo. Leo nina kibanda changu, nalipa huku na kule, na kila nikikasirikia risiti ya serikali namkumbuka Zakaria na kofia yake mkononi.

Vingine vilikwenda polepole hivi kwamba hakuna aliyeweza kusema vilianza lini. Mama aliyekuwa anapika shuleni aliendelea kulipwa kwa fedha za miti, lakini mahindi ya kupika hayakuwepo, maana kila mzazi alikuwa amefutiwa debe lake, na ilipofika mchana madarasa yalikuwa nusu. Vibarua wa kutengeneza njia waliajiriwa mara mbili, kisha hawakuajiriwa tena. Mkataba wa gulio na wilaya ulipofika wakati wa kuhuishwa, maofisa walikuja wakaona umati, wakasema gulio hili limekua, kiasi cha kila mwezi nacho kikue. Gervas alirudi kwenye magunia akiwa na uso wa mgonjwa. Kadiri gulio la bure lilivyostawi, ndivyo fedha za miti zilivyokuwa zinakwisha haraka. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nililiona mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa napeleka chai: hakuna aliyekuja tena kuuliza. Zamani mikutano ilikuwa ya ugomvi. Watu walikuwa wanasimama, wanasema nilitoa mchango wa bomba, bomba liko wapi, na Gervas anatoka jasho. Mwaka ule mkutano uliitishwa wakaja wajumbe na mbwa. Fedha za miti hakuna aliyezitoa mfukoni, kwa hiyo hakuna aliyezililia. Kama zililiwa au hazikuliwa, mpaka leo sijui, na nadhani hata Gervas mwenyewe angependa mtu amuulize.

Tumbo la Editha lilipofikia wakati wa kwenda kusubiri, masika yalikuwa yameanza na pango la Zakaria lilikuwa limetukaba. Shangazi alikuwa amemwachisha kazi mpishi wa maandazi, na Editha akachukua nafasi yake, anakanda unga akiwa amekaa kwenye kigoda, tumbo limelala juu ya magoti. Nilimsikia Shangazi akimwambia aende. Nilimsikia Deo akimwambia aende. "Gulio moja tu," alisema Editha. "Alhamisi hii tupate ya pango, Jumapili nitakuwa kule." Jumamosi, wakati tunaosha masufuria na mvua inapiga bati hadi hatusikilizani, aliweka kikombe chini taratibu sana, akaushika mlango. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, imeanza."

Nilikimbia kwa Mzee Barnaba. Ngobyi ilikuwa bado imetundikwa chini ya paa lake, na kuku walikuwa wameitagia. Mzee akaitoa, akakung'uta majani, akachukua filimbi iliyokuwa kwenye msumari, akatoka nje akapuliza akiwa ananyeshewa. Alipuliza sana. Zamani ungesikia milango. Wanaume wangetoka wakijifunga nailoni kichwani, kila mmoja anajua ni zamu yake au si zamu yake. Siku hiyo watu walitoka hadi kwenye vizingiti wakasimama. Sikuona mtu aliyekataa. Nililiona hilo kwa macho yangu na nimelirudia kichwani maisha yangu yote: hakuna aliyekataa. Kila mmoja alikuwa anasubiri kuona waliokwishakwenda, kwa sababu wiki ile haikuwa ya nyumba yoyote. Waliokuja ni Deo, na Gervas ambaye alikuwa mtu mzima mwenye goti bovu, na mdogo wake Deo, na Zakaria, pekupeku, amekunja suruali. Wanne kamili, na nyuma yao hakuna wa kupokea. Mzee Barnaba alitaka kushika mti, Shangazi akamwondoa kwa mkono.

Tuliteremka. Mimi nilikuwa nimebeba sufuria ndogo na zile kanga mbili. Tulipopita nyumba, watu walituita kutoka barazani kwa huruma ya kweli, wakimtaja Mungu kwa lugha ya nyumbani: "Poleni! Imana iwatangulie!" Mwanamke mmoja aliuliza, "Mmepata watu?" na Deo akamjibu bila kugeuza shingo, "Tutawapata mbele." Akajibu hivyo nyumba ya pili, na ya tatu. Kila baada ya hatua chache walikuwa wanashusha, kwa sababu goti la Gervas lilikuwa linakataa na udongo ulikuwa unateleza, na kila waliposhusha Editha alikuwa anafumbua macho. "Mbona mmesimama?" Alikuwa anauliza kwa upole, kama mtu aliyeamshwa kwenye basi. Deo alikuwa anamwambia, "Tunapumzika kidogo, mama." Bega lake lilikuwa limechubuka, damu inachuruzika na maji ya mvua kwenye shati.

Chini bondeni daraja halikuwepo. Lilikuwa daraja la magogo ya mikaratusi, na kila mwaka kabla ya masika siku ya msaragambo wanaume walikuwa wanayatoa yaliyooza na kuweka mapya kutoka msituni palepale juu. Mwaka ule hapakuwa na msaragambo, na juu hapakuwa na msitu. Palikuwa na visiki, na maji yaliyokuwa yanashuka kutoka kwenye visiki hivyo yalikuwa mekundu na makubwa kuliko nilivyowahi kuyaona. Gogo moja lilikuwa limebaki, limeinama ndani ya maji. Walisimama na mzigo begani wakitazama. Gervas alianza kulia kwa sauti. Zakaria akasema twende juu hadi kwenye kivuko cha mawe, na ndiko tulikokwenda, mzunguko wa mlima mzima, kwenye mashamba ya watu, kati ya migomba inayotupiga majani usoni. Huko kwenye migomba ndiko Editha alipopiga kelele mara moja, halafu akanyamaza, na sauti yake ilipobadilika Shangazi akaanza rozari.

Tulifika kituoni jua linazama. Muuguzi alipofunua kanga hakutugombeza, na hilo liliniogopesha kuliko kama angetugombeza. Waliita gari la kumpeleka hospitali. Editha aliishi. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi, na alikuwa amekwishakufa ndani ya mfuko wa uzazi uliofumuka, na mfuko wenyewe madaktari waliuondoa. Deo alibaki pale kituoni kwenye kibaraza, amekaa na mti mmoja wa ngobyi umelala mapajani mwake. Nilimpelekea chai. Akanitazama akasema, "Fausta, mimi nilikuwa nachekesha tu." Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilimchukia, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Mwaka wa bure ulikwisha kama ulivyopangwa. Mkutano uliitishwa, na safari hii watu walikuja, wanyonge, wakarudisha kila kitu kimoja baada ya kingine bila vigelegele: mchango wa bomba, ulinzi, kibali cha urwagwa, debe la shule, hata msaragambo. Gulio hawakuweza kulirudisha. Fedha za miti zilikuwa zimekwisha, miezi ya mwisho wilaya haikupelekewa kitu, na gulio lilikuwa limeshapewa wakala wa kutoka mjini, kijana mwenye mashine ya risiti ambaye hakumjua mtu. Ushuru ulirudi kwake, na pango la Zakaria halikushuka hata kidogo, kwa hiyo Shangazi sasa alikuwa analipa vyote viwili. Kisha likabaki jambo moja. Mtendaji aliuliza kama kuna lililosahaulika. Kila mtu pale uwanjani alijua lililosahaulika. Mzee Barnaba alifungua mdomo. Deo alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Mzee akamtazama, akafunga mdomo. Nani angelitaja neno ngobyi mbele ya mtu yule? Watu wa kwetu wana huruma, wana adabu. Walisubiri kidogo, kisha mkutano ukafungwa kwa sala. Na mwaka uliofuata Deo alikuwepo tena mstari wa mbele, na uliofuata pia, kwa sababu baada ya siku ile hakukosa mkutano wowote, akisubiri nadhani mtu alitaje. Yeye mwenyewe hakuweza. Zamu haikurudi kamwe. Tuliiua mara ya kwanza kwa kicheko, na mara ya pili kwa kumwonea mtu aibu.

Editha aliondoka kijijini majani ya migomba yalipoanza kukauka. Nilimsindikiza hadi barabarani. Hakumlaumu Deo kwa neno. Aliniambia tu kwamba kila akimwangalia anamsikia akimwambia yule mwanamke wa barazani, "Tutawapata mbele," na kwamba hawezi kula meza moja na sauti hiyo. Mimi nilimfuata mwaka mmoja baadaye.

Tulifika Nyarurembo saa sita. Nyumba ya Deo ilikuwa safi, ya mtu anayeishi peke yake, kikombe kimoja, sahani moja. Jirani aliyenipigia simu alitueleza kwamba miaka hii ya mwisho, hata mwalimu wa michezo akipuliza filimbi kule shuleni, Deo alikuwa anasimama, anaacha alichokishika, anatoka hadi njiani. Watoto walikuwa wanamcheka. Wagonjwa siku hizi hubebwa na pikipiki ya matairi matatu, anayeweza kulipa, na asiyeweza hubaki nyumbani. Jeneza nalo lilikuwa limeshapakiwa kwenye hiyo ya matairi matatu, kwa sababu makaburi yako juu kwenye visiki vya zamani, na kijana mwenye chombo alikuwa anasubiri malipo kabla ya kuwasha. Wazee waliangalia chini. Editha akafungua kitambaa, akamlipa, wala hakuuliza ni kiasi gani.

Katikati ya mlima chombo kikakwama. Tairi la nyuma lilizunguka kwenye tope, likaturushia udongo, kikaanza kurudi nyuma. Kijana akapiga kelele, "Sukumeni!" Tulikuwa watu wengi, uwanja mzima wa mazishi, wanaume wazima wenye suti na mabuti. Tukasimama. Niliwaona wakitazamana, kila mmoja akimtafuta kwa macho yule atakayeanza, na sura zao zilikuwa za huruma kabisa, zilezile za barazani. Editha akavua viatu, akanipa nivishike. Akaenda nyuma ya chombo, akaweka bega lake la kulia chini ya ubao uliolishika jeneza, akachimba vidole vya miguu kwenye tope. "Haya, Deo," nilimsikia akisema. Nikaviweka viatu vyake na vyangu pembeni ya njia, nikaenda nikaweka bega langu karibu na lake. Kilikuwa kizito sana. Kama kuna wengine waliokuja nyuma yetu sijui, kwa sababu sikugeuka kutazama.